Zawadi za Mtoto Anayekwenda Bweni kwa Mara ya Kwanza: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Binti wa kaka yangu alipomaliza darasa la saba huko Masasi alikuwa na umri wa miaka 13, na alipangiwa shule ya bweni mkoani Njombe. Ndugu tulifurahi mno, kila mmoja akanunua alichoona kinafaa kabla fomu ya kujiunga haijapatikana: sanduku la nguo lenye magurudumu, sweta jekundu zito, chupa ya manukato na simu ndogo ya batani yenye tochi. Siku ya kuripoti matroni alikagua mizigo mbele ya bweni, na vitu vyote vinne vikarudi Masasi pamoja na baba yake. Shule ilitaka tranka la bati, sweta la rangi ya shule pekee, na haikuruhusu manukato wala simu. Kaka yangu alilazimika kushinda mjini siku nzima akitafuta tranka, kwa bei ya mtu mwenye haraka.

Kwa hiyo la kwanza ni kuisoma fomu ya kujiunga kabla ya kufungua pochi. Kwa shule za serikali nchini Tanzania fomu hizo huwekwa kwenye tovuti ya TAMISEMI baada ya majina ya waliochaguliwa kutangazwa, na shule binafsi hutoa zake zenyewe. Isomwe yote, hasa ukurasa wa vitu vilivyokatazwa, kwa kuwa ndugu wengi huishia kwenye ada na sare. Kisha mzazi ainakili orodha na kuituma kwa shangazi, wajomba na babu, kila mmoja atie alama kwenye kitu atakachokitoa. Katika orodha hiyo mtakuta jembe na mpini wake, fyekeo, ufagio na godoro la futi mbili na nusu kwa sita. Si vitu vya kufungwa kwa karatasi ya kumetameta, lakini anayevibeba amempunguzia mzazi mzigo halisi. Kama shule iko mbali, godoro na jembe havina sababu ya kupakiwa basi kutoka Masasi, kupitia Tunduru na Songea, hadi Njombe, huku kondakta akidai nauli ya mzigo. Ni heri mtoaji ampe mzazi fedha, vinunuliwe mji wa karibu na shule.

Zawadi ninayoithamini kuliko zote ni tranka zuri lenye kufuli, kwa sababu ndiyo nyumba pekee ya mtoto huyo kwa miezi mitano ijayo. Tranka huchaguliwa kwa mkono, si kwa macho, maana rangi inayong'aa huficha bati jepesi. Bonyeza mfuniko katikati kwa kiganja. Ukibonyea na kubaki hivyo, bati hilo halitastahimili kukaliwa, na bwenini tranka hukaliwa kila siku. Tazama bawaba na kipande cha kutilia kufuli: viwe vimefungwa kwa ribiti zilizopenya hadi ndani na kupondwa vizuri, kwa kuwa mwizi wa bwenini hahangaiki na kufuli, hung'oa kile kipande kilicholegea. Pitisha kidole polepole kwenye kingo za ndani, ambako bati lisilokunjwa hukata mkono na kuchana nguo. Kimo cha tranka nacho kina mpaka, kwani mara nyingi hukaa chini ya kitanda cha dabodeka. Kama fomu haisemi vipimo, mzazi apige simu shuleni kuuliza.

Kufuli lenyewe lina hesabu yake. Makufuli ya namba ya bei rahisi yanaonekana kuwa suluhisho la mtoto anayepoteza funguo, ila mengi yao hufunguliwa kwa kuvuta ule upinde na kuzungusha namba taratibu hadi kila moja inaswe, kazi ambayo mtoto mtundu wa kidato cha pili huimaliza akiwa anapiga soga. Nashauri kufuli la ufunguo, imara, lenye funguo tatu: mmoja mtoto auvae shingoni kwa uzi mnene, wa pili akabidhiwe matroni au patroni ukiwa na kikaratasi chenye jina, na wa tatu ubaki nyumbani. Ukibaki mmoja tu nao ukapotea, kufuli litakatwa kwa msumeno wa chuma, na mara nyingi kipande cha tranka huharibika pamoja nalo. Ongezeni kufuli la pili, likae ndani ya tranka kama akiba.

Jambo la pili lisilogharimu chochote, nalo ni bora kuliko nusu ya zawadi za dukani, ni kukitia kila kitu alama. Katika bweni la wasichana themanini, mashuka yote ni ya rangi moja na ndoo zote ni za kijani au bluu. Kinachopotea mara nyingi hakikuibwa, kimechukuliwa kambani na mtu aliyedhani ni chake. Maka peni huonekana safi siku ya kwanza, lakini sabuni ya mche na jua huifuta polepole. Kinachodumu ni uzi. Shangazi au bibi mwenye subira akae jioni mbili, ashone herufi za jina kwa uzi wa rangi inayokinzana na nguo, kwa upande wa ndani wa kiuno cha sketi, kwenye pindo la shuka na ndani ya sweta. Asishone kwenye lebo ya dukani, maana lebo hukatwa kwa wembe kwa dakika moja. Kwa ndoo, beseni na kandambili, chukua msumari, ushike kwa koleo, uutie moto na kuandika jina kwenye plastiki, nje ya ukuta wa ndoo na si kwenye kitako, usije ukaitoboa. Fanyeni kazi hiyo nje, kwa sababu moshi wake si mzuri kuuvuta. Sindano mbili na vidonge vitatu vya uzi viende pia na mtoto, ila awe amekwisha kushona kifungo kwa mkono wake mwenyewe angalau mara moja kabla ya kuondoka.

Kwa binti, zawadi ambayo kila mtu hudhani mwingine ameinunua ni taulo za kike. Kazi hiyo kwetu huiangukia shangazi au somo yake, na haifai kuachwa kwa sababu tu binti bado hajavunja ungo. Wengi huanza wakiwa hukohuko bwenini, usiku, mbele ya wageni. Tupige hesabu ya binti aliyekwisha kuanza. Siku tano za hedhi, taulo nne kwa siku, ni taulo 20. Pakiti yenye taulo 10 zitakuwa mbili kwa mwezi, na kuanzia Januari hadi Juni ni pakiti 10 au 12. Katika miaka miwili ya mwanzo tarehe huhamahama na siku huongezeka, hivyo pakiti 12 si nyingi. Anayeona gharama ni kubwa anaweza kutoa taulo za kufua, sita au zaidi, zikiambatana na kindoo kidogo chenye mfuniko. Hizo lakini zinahitaji maji ya kutosha na kuanikwa juani hadi zikauke kabisa, na binti mwenye haya huzificha chini ya godoro zikiwa na unyevu, zikaleta harufu na muwasho. Kwa hiyo mfundisheni kuzianika chini ya khanga nyepesi, ambamo jua na hewa hupita. Mahali ambako maji ni ya foleni ningechanganya: za kutupa kwa siku za darasani, za kufua kwa usiku. Aende pia na nguo za ndani za rangi nyeusi zisizopungua saba.

Kuhusu baridi, mtoto wa Masasi hawezi kuikadiria, na mzazi wake wakati mwingine hawezi pia. Mji wa Njombe uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Sweta la rangi nyingine halitavaliwa darasani, lakini blanketi zito, soksi za sufu na fulana za mikono mirefu za kuvaa ndani ya shati hazigombani na sare. Viatu visinunuliwe jozi mbili kwa mara moja. Mguu wa mtoto wa umri huo unaweza kuikataa jozi ya pili kabla haijaguswa, kwa hiyo anayetaka kutoa viatu aahidi kuvileta Julai, akipima mguu kwanza.

Saa ya mkononi ya kawaida isiyoogopa maji inafaa, kwa kuwa siku ya bweni huendeshwa kwa kengele na mgeni huchelewa kila mahali. Tochi au taa ya sola itegemee fomu, na mishumaa isipelekwe kabisa, maana vitanda viko karibukaribu na vyandarua hushika moto haraka.

Kwa mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, Januari hiyohiyo karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Ndiyo maana babu anayetaka kutoa kitabu atoe kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, iliyoshonwa mgongoni na si kugundishwa kwa gundi tu, kwa sababu itafunuliwa mara nyingi kwa siku. Mwalimu akiandika ubaoni neno la baiolojia ambalo mtoto hajalisikia, kamusi ndogo ya mfukoni mara nyingi hailitaji, hivyo chagueni kubwa. Ndani ya jalada lake andikeni kwa wino namba tatu za simu za nyumbani. Watoto wa leo hawazijui kwa kichwa, kwani zimo kwenye simu za wazazi, na siku atakapoazima simu ya matroni hatakuwa na pa kuzisoma.

Binti wa kaka yangu aliporudi Juni tulikaa ukumbini tukaikagua mizigo yake kitu kimoja kimoja. Tranka lilikuwa limebonyea mfuniko, lakini kufuli lilikuwa lilelile. Ndoo ilirudi, beseni lilipasuka, shuka moja kati ya mawili halikuonekana, nalo ndilo ambalo sikuwahi kulishonea jina. Kamusi ilikuwa imepoteza jalada, na zile namba tatu alikuwa amezinakili upya kwa peni kwenye ukurasa wa kwanza.