Kabla ya onyesho lako la kwanza la udi: mambo ya kuzingatia

Katika kikundi cha taarabu, mpiga udi akiteleza nota moja mara nyingi hakuna anayesikia, kwa sababu fidla, ganuni na kodiani zimejaza nafasi yote. Onyesho la peke yako ni jambo jingine. Upo wewe, udi wako, na pengine mpiga dumbak mmoja pembeni, na kila kinachotoka kwenye nyuzi kinafika safu ya mwisho. Ndiyo maana hata waliokwisha kukaa kwenye kikundi miaka kadhaa hutetemeka siku hiyo. Woga huo hauondoki wote, na wala si lazima uondoke. Kinachotakiwa ni kujua utakushika wapi, kisha uziimarishe sehemu hizo mapema.

Tuchukue programu ya dakika 12 hivi, inayomtosha mtu wa mara ya kwanza: taksimu fupi, yaani kipande unachokibuni papo hapo, katika makamu ya Rasti, yaani ngazi ya nota iitwayo hivyo, samai moja, na lahani ya wimbo mmoja ambao wasikilizaji wanaufahamu. Samai ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Ni kipande cha ala chenye khana 4, yaani sehemu 4 tofauti, na baada ya kila khana unarudi kwenye taslimu, yaani kiitikio, ambayo ni ileile kila mara. Hapo ndipo palipo na mtego. Mlango wa kutokea ni mmoja, lakini unakupeleka kwenye khana ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne. Nyumbani vidole vinakumbuka vyenyewe. Ukiwa na woga, akili inaanza kuvichunguza vidole, na ukifika mwisho wa taslimu unajiuliza, “Nimeshapiga ya pili au bado?” Wengi hurudia khana ya pili, au huruka hadi ya nne na kumwacha mpiga dumbak akiwatazama.

Dawa yake ni kufanyia mazoezi maungio peke yake. Wiki 3 kabla ya onyesho, uwe tayari umeihifadhi samai yote. Kuanzia hapo, kila siku piga mizunguko 2 ya mwisho ya taslimu, ingia mizunguko 2 ya mwanzo ya khana ya pili, simama. Kisha taslimu na khana ya tatu, simama. Kisha taslimu na ya nne. Kabla ya kuanza kila ungio, taja kwa sauti nota ya kwanza ya khana unayoiendea. Khana ya nne ipewe muda zaidi, kwa kuwa mara nyingi inaacha mizani ya mapigo 10 na kuingia ya mapigo 3 au 6, halafu taslimu inarudi kwenye 10. Ukiweza kuanzia popote kati ya sehemu hizi bila kupiga zilizotangulia, umeihifadhi kweli. Ukilazimika kurudi mwanzo ili ukumbuke, bado unategemea vidole tu, na vidole ndivyo vya kwanza kukusaliti.

Mwendo nao huharibika kwa namna inayotabirika. Moyo ukienda mbio, mwendo wako wa kawaida unausikia kana kwamba unaburuta, basi unaongeza bila kujua. Jirekodi kwa simu, halafu linganisha na metronomu. Mtu aliyezoea pigo dogo kwenye 100 anaweza kujikuta amefika 115 kwenye khana ya pili, na taslimu ikifika vidole haviwahi tena. Kwa hiyo usianze samai kwa kuifikiria khana ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni nyepesi. Isikie taslimu kichwani kwanza, sehemu yake yenye nota nyingi, na mwendo unaouweza pale ndio uanze nao. Mwombe mpiga dumbak apige mzunguko mmoja mzima wa samai peke yake: dum kwenye pigo la 1, tak la 4, dum la 6 na la 7, tak la 8. Mzunguko huo mmoja unakupa mwendo, na unakupa nafasi ya kutoa pumzi.

Pumzi hiyo inahitaji maelezo, maana watu wengi huifanya kinyume. Ukiambiwa “vuta pumzi” ukiwa na hofu, unavuta kubwa, nyingi, harakaharaka. Matokeo yake unatoa hewa ukaa kupita kiasi mwilini, kichwa kinakuwa chepesi na ncha za vidole zinafanya ganzi. Kwa mpiga udi hilo ni balaa, kwa sababu udi hauna vigawanyo shingoni, na kidole chenye ganzi hakijui kimekanyaga wapi. Pumzi inayosaidia ni ya polepole, ya kiasi tu, kwa pua, na kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Vuta kwa sekunde 4, toa kwa sekunde 6. Hiyo ni pumzi 6 kwa dakika. Moyo hupunguza kasi kidogo tunapotoa pumzi, kwa kazi ya neva ya vagasi, ndiyo sababu kutoa kunapewa muda mrefu zaidi. Weka kiganja juu ya kitovu: tumbo ndilo lisogee, mabega yatulie.

Usiisubirie siku ya onyesho. Fanya dakika 5 kila siku kwa wiki 2, papo hapo kabla ya kushika udi, ili mwili uzoee kwamba baada ya pumzi hizo kinachofuata ni kupiga. Ukikuta kichwa kinazunguka, unavuta hewa nyingi mno. Punguza kina, usipunguze utaratibu.

Sasa marafiki. Kupiga mbele ya watu ndilo zoezi ambalo halina mbadala, na ndilo linaloahirishwa kuliko yote. Lifanye mara 3 katika siku 10 za mwisho: mara ya kwanza mbele ya mtu mmoja, ya pili mbele ya watatu, ya tatu mbele ya watano au sita, na hii ya mwisho iwe ukumbini kwenyewe ukiweza kupaomba. Sharti ni moja, lakini ni zito: unapiga programu yote mara moja, bila kusimama, bila kusema “samahani”, bila kukunja uso ukikosea. Rafiki akikuacha uanze upya, hajakusaidia, amekufundisha kuanza upya.

Wala usiwaalike ili wakupe ushauri wa muziki. Mmoja mpe karatasi na kalamu, aweke alama mbili tu: mshale pale anaposikia umekimbia, na duara pale alipoona mkono wako umekakamaa. Hata asiyejua makamu anaweza kuyaona hayo. Mwingine mwombe aingie akiwa amechelewa, katikati ya taksimu, mlango ulie. Na anza ukiwa hujapasha vidole, kwa sababu siku yenyewe unaweza kukaa nusu saa nyuma ya pazia ukisikiliza hotuba. Wapo wanaopanda ngazi mara mbili kwa haraka kisha wanakaa kupiga moyo ukidunda. Hiyo si sawa na hofu, lakini inakuonyesha mkono wako unavyokuwa mapigo yakipanda, na ni afadhali uyaone hayo sebuleni.

Mazoezi hayo yafanyie katika nguo utakazovaa. Mgongo wa udi ni wa mviringo, na juu ya kitambaa cha kuteleza kama satini unateremka pajani polepole. Mkono wa kushoto unaanza kuushikilia usianguke badala ya kukanyaga nyuzi. Kitambaa kidogo cha mpira chini yake kinamaliza tatizo. Mikono mipana ya kanzu au buibui nayo hugusa nyuzi karibu na mahali pa kupigia, ukasikia mkwaruzo usiojua umetoka wapi. Ikunje au ibane kwa pini.

Ukitazama maduara ya rafiki yako, mengi yatakuwa upande wa risha, kile kipande cha kupigia nyuzi. Mtu mwenye woga huibana risha kwa kidole gumba, kiwiko kinakaza, sauti inakuwa nyembamba na yenye mlio wa mbao, kwa sababu ncha inagonga ubao wa juu badala ya kupita kwenye uzi. Kujiambia “legea” hakufui dafu. Kinachofanya kazi ni kuweka alama kwenye samai yenyewe: kila unapoingia taslimu, katika pigo lake la kwanza, legeza gumba. Samai nzima itakukumbusha mara 4. Upande wa kushoto, dalili iko kwenye nota ya tatu ya Rasti, ile inayokaa kati ya nota mbili za piano. Vidole vikiwa baridi na vimekaza, wengi huisogeza juu, na makamu inapoteza ladha yake. Damu hupungua kwenye vidole kwa sababu ya hofu, hasa ukumbi ukiwa na kiyoyozi. Maji ya uvuguvugu dakika 10 kabla, au kikombe cha chai mkononi, hutosha. Chai ya kushika, si kahawa ya kunywa: hiyo ikae mbali angalau saa 6, maana itaongeza mtetemeko uleule unaoupigania. Kuhusu vidonge vya kutuliza mapigo ya moyo, ambavyo wanamuziki hupeana kimyakimya, usivimeze bila daktari. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua vibaya.

Nyuzi mpya zifungwe siku 7 hadi 10 kabla, zipate muda wa kuvutika. Zikifungwa jana yake zitashuka katikati ya taksimu. Chukua risha ya pili, uzi wa akiba kwa ule mwembamba, na kitambaa cha pamba cha jasho.

Taksimu iwe ya kwanza, dakika 2 tu, na ujue njia yake: unaanzia kituo cha Rasti, unapanda hadi nota ya tano, unashuka. Haina mizani wala maneno ya kusahau, hivyo mikono inapata muda wa kutulia mbele ya watu.

Mwisho, kubaliana na mpiga dumbak juu ya jambo moja, na mlifanyie mazoezi. Ukipotea kwenye samai, usitafute ulipokuwa. Acha kupiga, yeye aendelee na mizani. Mtazame, asisitize dum ya pigo la kwanza la mzunguko unaofuata, nawe uingie hapo na taslimu. Katika mazoezi ya mbele ya marafiki, mwombe mmoja apige kofi popote anapotaka. Likilia, unaacha, unasubiri dum, unaingia. Mkiweza hilo mara 3 mfululizo bila dumbak kuyumba, nendeni ukumbini.