Somo: Kuandika tangazo la balbu ambalo mteja atalielewa

Wauzaji wengi wa vifaa vya umeme hapa Kampala huandika "Balbu kali ya LED, mwanga wa nguvu, bei poa" na kumaliza hapo. Kisha simu inalia kutwa nzima: ni ya pini au ya skrubu? Inatosha sebule? Hebu tuandike tangazo moja mpaka likamilike. Boksi la balbu yetu linasema:

```
9W  806 lm  6500K  B22  220-240V
```

Hatua ya 1: kitako. Kitangulie, tena kwenye kichwa cha tangazo, kwa sababu balbu isiyoingia kwenye holda itarudishwa hata iwe nzuri vipi. B22 ni ya pini: ina vipini viwili ubavuni, unaisukuma ndani kisha unaizungusha kidogo hadi inase. E27 ni ya skrubu, unaizungusha mpaka ikaze. Namba hizo ni upana wa kitako kwa milimita. Weka picha ya kitako peke yake, kwa karibu. Wateja wengi hawajui namba, ila wakiona vile vipini wanajua.

Hatua ya 2: lumeni, kisha wati. Lumeni ni kiasi cha mwanga unaotoka, wati ni umeme unaoliwa. Mteja anapouliza "wati ngapi?" mara nyingi anataka kujua mwanga, kwa kuwa amezoea zile balbu za zamani za waya. Basi mpe kipimo anachokijua: lumeni 806 ni karibu sawa na balbu ya waya ya wati 60.

Wati tuzipeleke kwenye mita ya Yaka. Balbu hii ikiwaka saa 5 kila usiku kwa siku 30, itakula uniti 1.35. Ile ya wati 60 ingekula uniti 9. Andika uniti, usiandike shilingi. Bei ya umeme hubadilika na tangazo lako litabaki na uongo.

Kabla ya kunakili lumeni za boksi, zigawanye kwa wati. 806 kwa 9 ni karibu 90, na balbu nyingi za LED za nyumbani huwa kati ya 80 na 110 hivi. Boksi likidai lumeni 2,000 kwa wati 9, hiyo ni zaidi ya 220 kwa kila wati. Mimi namba kama hiyo siiandiki, naacha wati peke yake.

Hatua ya 3: rangi ya mwanga. Hii ndiyo ile namba yenye K, yaani kelvini. 2700 hadi 3000 ni njano tulivu, 4000 ni nyeupe ya kawaida, 6500 ni nyeupe inayoelekea bluu. Namba kubwa haina maana kwamba mwanga ni mkali zaidi. Ukali uko kwenye lumeni. Taja mahali inapofaa.

Tangazo letu sasa:

*Balbu ya LED ya PINI (B22), mwanga mweupe. Mwanga wake ni lumeni 806, karibu na balbu ya zamani ya wati 60, lakini inakula wati 9 tu. Rangi ni nyeupe ya mchana (6500K): nzuri kwa duka, jikoni na meza ya kusomea. Kwa chumba cha kulala, uliza ya njano. Ni ya umeme wa kawaida wa nyumbani, volti 220-240. Haiwaki kwa betri ya sola ya volti 12.*

Maswali ya wanachama

*Busia: Mwalimu, boksi langu lina lumeni 806 lakini limeandikwa "sawa na wati 100". Nifuate lipi?*

Fuata lumeni, ndugu. Balbu ya waya ya wati 100 ilitoa karibu lumeni 1,500. Ukinakili hayo maneno, mteja ataifunga usiku na kukupigia asubuhi.

*Arua: Kwa nini umetaja sola? Huku wengi wanatumia.*

Ndiyo sababu hasa. Balbu za volti 12 nazo huja na vitako vya B22 au E27, kwa hiyo zinaingia vizuri kabisa kwenye holda ya umeme wa nyumbani, na swichi ikiwashwa zinaungua papo hapo. Ukiwa nazo, ziandikie tangazo lake, na "12V" iwe kwenye kichwa. Mteja mwenye inveta inayotoa volti 230 anaweza kutumia hii yetu.

*Mbale: Mteja ana holda za skrubu na mimi nina za pini tu. Nimuuzie na adapta?*

Muuzie, ila mwambie kwamba adapta hurefusha balbu kwa sentimita kadhaa. Kwenye holda ya dari iliyo wazi si neno. Kama taa ina kifuniko cha kioo, apime kwanza nafasi ya ndani, maana huenda kisifunge.