Namna ya kumwandikia mteja anayetaka kurekodi upya kwa sababu ya grafu

Mteja ameona grafu ya watazamaji ikiporomoka, sasa anataka mtangazaji na kamera zote zirudi kazini. Kabla hajatoa pesa, mwandikie barua. Tuchukue mfano wa video ya dakika 6 ambayo ikifika sekunde ya 30 imebaki na asilimia 52 tu ya watazamaji. Mteja anamlaumu mtangazaji kwamba amepooza.

1. Soma grafu huku video ikicheza. Kwenye YouTube Studio, andika mteremko unaanzia na kuishia sekunde gani, kisha tazama kilichomo humo. Kwenye mfano wetu mstari unaanguka kati ya sekunde ya 3 na ya 17, ambapo kuna nembo inayozunguka na picha za jengo. Mtangazaji anaingia sekunde ya 18, na tangu hapo mstari unashuka polepole hadi mwisho. Hoja yako yote imo hapa.

2. Watenge walioletwa na matangazo ya kulipia. Mtu aliyekuwa akisubiri video nyingine huruka tangazo mara tu anaporuhusiwa, na wengi wa aina hiyo huvuta mstari chini mwanzoni hata video ikiwa nzuri.

3. Andika barua, ushahidi ukitangulia.

> Habari za kazi. Nimeipitia grafu pamoja na video yenyewe. Watazamaji wengi wanaondoka kabla ya sekunde ya 18, yaani kabla mtangazaji hajaonekana. Wanaobaki wanamsikiliza vizuri. Tukirekodi upya, tutakuwa tunabadilisha sehemu ambayo watu hawaikimbii, na video mpya itapewa kiungo kipya na kuanza kuhesabu watazamaji upya. Naomba niondoe sekunde 17 za mwanzo kwenye video iliyopo. Kiungo, idadi ya watazamaji na maoni vitabaki vilevile.

Usimtetee mtangazaji kwa sifa. Mteja akihisi unabishana naye kuhusu ladha, ataacha kusoma.

4. Taja ni lini ungekubali kurekodi. Grafu huonyesha mahali watu walipoondoka. Haisemi kwa nini. Mimi ningekubali kama mstari ungeanguka mtangazaji akiwa anazungumza, hata kwa waliokuja wenyewe, na hakuna klipu nyingine ya kuokoa sehemu hiyo. Sauti iliyoharibika kabisa au maelezo yasiyo sahihi ni sababu tosha hata bila grafu. Mwandikie haya waziwazi, ajue kwamba hukwepi kazi.

5. Kubalianeni jinsi ya kupima. Hapa wengi hujidanganya. Ukishakata sekunde 17, sekunde ya 30 ya sasa ndiyo ya 47 ya zamani, kwa hiyo kulinganisha 30 kwa 30 ni kulinganisha sehemu mbili tofauti. Linganisha sentensi ileile ya mtangazaji kabla na baada ya kukata, ukichagua kwa grafu mpya tarehe za baada ya mabadiliko pekee, na uangalie waliokuja wenyewe.