Kabla ya kuunganisha seli ya zinki na shaba: mambo ya kuzingatia

Seli hii hufahamika pia kama seli ya Danieli. Jina linatokana na John Frederic Daniell, mkemia wa London aliyeiunda mwaka 1836. Kwenye karatasi ni rahisi: vipande viwili vya metali, myeyusho miwili, waya na daraja la chumvi, yaani njia iliyolowa maji ya chumvi inayounganisha myeyusho hiyo miwili. Mezani ndipo watu hukwama, na mara nyingi kosa huwa limeshafanyika kabla waya haujaguswa. Ukitaka kulikwepa, shika jambo moja: volti zinaamuliwa na metali, lakini kiasi cha mkondo, kwa seli ndogo ya mezani, kinaamuliwa zaidi na daraja. Kila unachokagua kabla ya kuanza kinaangukia upande mmoja kati ya hizo mbili.

Anza na metali. Zinki huachia elektroni kwa urahisi kuliko shaba, na tofauti hiyo ndiyo chanzo cha umeme wote utakaoupata. Kwenye bika la zinki, kila atomu inayoingia kwenye maji huacha elektroni mbili kwenye kipande: Zn → Zn²⁺ + 2e⁻. Elektroni hizo hupita kwenye waya hadi kwenye shaba, na huko ioni za shaba zilizomo kwenye myeyusho huzipokea na kuganda juu ya kipande: Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu. Kwa hiyo zinki ni anodi na ndiyo ncha hasi. Shaba ni kathodi na ndiyo ncha chanya. Aliyezoea kupaka metali kwa umeme hushtuka hapa, maana kule anodi ni chanya. Anodi ni mahali elektroni zinapopotezwa, basi. Alama ya hasi au chanya inategemea kama seli inatoa umeme au inapewa.

Zinki yenyewe uitoe wapi? Kopo la betri kavu ya kawaida, ile ya bei nafuu ya redio, ni zinki, ukiliosha vizuri lile tope jeusi. Betri za alkali hazifai kwa kazi hii kwa sababu ganda lake ni chuma. Usikate bati la paa. Bati ni chuma kilichopakwa zinki nyembamba, na ukilipiga msasa unaondoa kile hasa unachokihitaji. Kipimo cha haraka ni sumaku: ikishika kipande, ndani kuna chuma. Kwa shaba, waya wa nyumba wa milimita 2.5 za mraba uliochunwa plastiki unatosha, ukiukunja mara tatu au nne. Waya wa kusukia mota una vanishi isiyoonekana vizuri kwa macho, na vanishi haipitishi umeme. Piga msasa vipande vyote viwili hadi ving'ae, vioshe, na usivishike tena kwa vidole sehemu itakayozama.

Upande wa shaba unahitaji salfeti ya shaba, ile ambayo wakulima wa kahawa wanaiita mrututu. Kwa mililita 100 za myeyusho wa moli 1 kwa lita, pima gramu 25 za fuwele za buluu. Upande wa zinki unahitaji salfeti ya zinki: gramu 28.8 ikiwa ni fuwele zenye molekuli saba za maji, au gramu 18 ikiwa ni unga wenye molekuli moja. Aina zote mbili huuzwa kama mbolea ya zinki, kwa hiyo soma mfuko kwanza. Yeyusha kwanza kwenye maji pungufu, kisha ongeza hadi ufike mililita 100.

Tumia maji yaliyotoneshwa. Madukani huitwa maji ya betri, na hapo kuna mtego: wauzaji wengine huita asidi ya betri kwa jina hilohilo. Hakikisha lebo inasema maji na si asidi. Mrututu ni sumu kwa mtu na kwa samaki. Usiupime kwa kijiko cha jikoni, na ukimaliza uhifadhi kwenye chupa yenye lebo, usiumwage mtaroni.

Watu wengi huhangaika mno na uzito wa myeyusho. Ukikosea ukaweka mrututu mara kumi pungufu, volti zinashuka kwa takribani 0.03 tu, kutoka 1.10 hadi 1.07. Ukiona multimita inasoma 0.8, acha kulaumu mizani, kagua metali.

Sasa daraja. Zinki inapoingia kwenye maji, bika lake linaongezeka ioni chanya. Kwenye bika la pili ioni chanya za shaba zinatoweka na salfeti inabaki bila mwenza. Ziada hiyo ya chaji ikikosa pa kwenda, bika la zinki linavuta elektroni zisiondoke na bika la shaba linazikataa, na mkondo unakufa mara moja, kabla hujaona chochote. Kazi ya daraja ni kusawazisha: ioni hasi zinaelekea upande wa zinki, ioni chanya upande wa shaba. Elektroni hazipiti kwenye daraja hata moja. Njia yao ni waya. Njia ya ioni ni maji. Mzunguko ni mmoja, ila wasafiri hubadilishana zamu pale metali inapogusana na myeyusho.

Chumvi ya daraja inatakiwa iyeyuke vizuri na isigombane na myeyusho wowote kati ya hiyo miwili. Nitrati ya potasiamu ni chaguo zuri, gramu 10 kwa mililita 100 za maji, kwa kuwa ioni zake mbili hutembea kwa kasi inayokaribiana. Ukiikosa, chumvi ya mezani itafanya kazi kwa jaribio la saa moja. Magadi hayafai: kabonati yake hukutana na zinki na shaba, hutengeneza ungaunga usioyeyuka na kuziba daraja. Ukiona weupe upande mmoja na ukijanikijani upande wa pili, hilo ndilo limetokea.

Kwa jaribio la kwanza, kata ukanda wa karatasi ya kuchuja wenye upana wa sentimita 2, ukunje tabaka nne, uloweke hadi uloe kabisa, kisha tumbukiza kila ncha kwenye bika lake angalau sentimita 2. Karatasi hukauka katikati, pale inapokaa hewani, hasa chumba kikiwa na feni. Kuwa na kitoneshi cha kuongezea maji ya chumvi hapo.

Mpangilio wa kuunganisha una maana. Mimina mililita 50 za kila myeyusho kwenye bika lake, zamisha metali, bana klipu juu kabisa ya maji. Klipu ikilowa kwenye mrututu, chuma chake kinaanza kupakwa shaba na unakuwa unapima kitu kingine. Weka multimita kwenye volti za mkondo mnyoofu, kipimo cha 2 au 20, waya mwekundu kwenye shaba na mweusi kwenye zinki. Daraja liwe la mwisho. Kabla halijawekwa, multimita huonyesha sifuri au namba zinazotangatanga. Ukiliweka tu, namba hutulia karibu na 1.08 au 1.10. Kuruka huko kunaonyesha kazi ya daraja vizuri kuliko mchoro. Ukisoma hasi 1.08, seli ni nzima. Nyaya tu zimepishana. Ikibaki sifuri, angalia kwanza ncha za karatasi kama zinagusa maji, kisha klipu kama imebana metali tupu.

Baada ya hapo watu hufunga balbu ya tochi, haiwaki, wakadhani seli imekufa. Pima ujue. Tuseme bila mzigo multimita inasoma volti 1.08. Funga rezista ya omu 1,000 kati ya metali mbili na usome tena: 0.60. Mkondo ni 0.60 ukigawanya kwa 1,000, yaani miliampea 0.6. Volti 0.48 zilizopotea zimeliwa ndani ya seli, na 0.48 kwa miliampea 0.6 ni ukinzani wa omu 800, ambao karibu wote ni karatasi. Hata ukiunganisha waya mtupu, seli hii haiwezi kuvuka miliampea 1.4 hivi, wakati balbu ndogo ya tochi inataka miliampea 200 au zaidi. Ongeza ukanda wa pili sambamba na wa kwanza, ukinzani unakaribia omu 400, na multimita inapanda hadi karibu 0.77 ikiwa na rezista ileile. Metali hazijabadilika, ila njia ya ioni imepanuka. Taa ndogo nyekundu ya diodi ni mzigo wa haki zaidi: inataka volti 1.8 hivi, kwa hiyo seli mbili zikifuatana zitaiwasha kwa mwanga hafifu unaoonekana gizani.

Kama lengo ni kupima zinki inavyopungua na shaba inavyoongezeka, amua mapema, maana daraja la karatasi halitakufikisha. Kupunguza gramu 0.1 ya zinki kunahitaji chaji ya kulombu 295. Kwa miliampea 0.6 hizo ni saa 137, karibu siku sita. Unahitaji miliampea 20 ili ukamilishe kwa saa nne hivi. Shaba itakayoganda nayo ni gramu 0.097, kwa hiyo mizani iwe ya kusoma angalau gramu 0.01, na vipande vikaushwe vizuri kabla na baada.

Dawa yake ndiyo aliyokuja kuitumia Daniell mwenyewe: chombo cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'aa. Mtungi unaotoa jasho na kupoza maji una vitundu vidogo vinavyopitisha ioni. Chukua kichungu kidogo cha namna hiyo, kiloweke kwenye chumvi usiku kucha, tia salfeti ya zinki na kipande cha zinki ndani, kisha kisimamishe kwenye bakuli la plastiki lenye mrututu na shaba iliyokizunguka. Ukuta mzima wa chungu umekuwa daraja, mfupi na mpana.

Gharama yake ni kwamba mrututu nao hupenya. Ioni za shaba zikifika kwenye zinki huchukua elektroni hapohapo bila kupitia waya, na zinki inavaa utando mweusi au wa kahawia. Zinki inaliwa bure na uzito utakaopima hautalingana na mkondo uliousoma. Kwa hiyo usiache seli ya chungu ikiwa imekaa bila mzigo. Ukisimama hata kwa chai, toa zinki, isuuze na uiweke kando.