Kabla hujashika paipingi begi na mikono yako ya moto

Kuna watu Mungu kawapa mikono baridi, anashika begi la kubania krimu ya keki nusu saa na krimu bado imesimama. Mimi sikupewa. Nikishika siagi inalegea, na huku kwetu Lamu kuanzia Januari mpaka Machi jikoni kwenyewe ni tanuri, kwa hiyo haya nayaandikia wenzangu wenye viganja vya moto.

Ya kawaida tuyamalize haraka. Keki iwe imepoa kabisa, sio vuguvugu. Aisingi shuga ichungwe, kidonge kimoja tu kinaziba nozeli. Nozeli iwe kavu. Begi usilikate sana kwenye ncha, kata kidogo, tia nozeli ujaribu, kama haijatokeza ndio uongeze. Haya, hayo unayajua.

Sasa lile lililoniunguza. Kuna harusi moja niliitwa nipambe keki ya inchi 10, juu izungushwe rozeti 18, yale maua ya krimu, na chini pindo la makombe, yale yanayofuatana kama yamelaliana. Krimu ilikuwa ya siagi tupu, nimeipiga vizuri, kwenye bakuli imesimama mpaka nikajisifu. Ni saa nane mchana, umeme umekatika tangu asubuhi, feni haizunguki, na mimi kwa uvivu wa kujaza mara mbili nikatia karibu nusu kilo yote ndani ya begi moja, nikalikumbatia tumboni kwa viganja viwili kama mtoto. Rozeti tano za kwanza, mashallah, mistari inakata kama kisu. Ya saba nikaona makali yamekuwa mviringo. Ya kumi ikaanza kujitanua yenyewe kwenye keki, nami badala ya kusimama nikabana zaidi, nikidhani sibani vya kutosha. Ya kumi na mbili krimu ikawa inatoka bila kubanwa, begi kwa nje linang'aa mafuta, na ile rozeti ikalala kabisa, ukiitazama hujui ni ua au ni uji. Shangazi wa biharusi akapita mlangoni akachungulia, akasema, "Mwanangu, hiyo ndiyo mtindo mpya?" Sikumjibu.

Nikafanya kosa la pili, nikarudisha krimu bakulini nikaongeza sukari. Usifanye hivyo. Tatizo halikuwa sukari kupungua, siagi ndiyo iliyeyuka, na ukiongeza sukari unapata kitu kizito kinachokwama kwenye nozeli halafu kikishatoka bado kinalegea vilevile, tena kitamu mpaka meno yanauma. Siku ile nilikwangua rozeti zote, nikatuma mtoto akaleta barafu kwa jirani mwenye jenereta, nikaweka bakuli juu ya barafu mpaka pembeni kukaanza kushika, nikapiga upya, ndio ikarudi. Keki ikatoka imechelewa na mimi nimelowa jasho.

Sababu yake ni hii. Siagi inafanya kazi vizuri ikiwa karibu nyuzi 18 mpaka 20, na ikipita 30 na kitu inaanza kuwa mafuta. Kiganja chako kiko hapohapo kwenye 30 na zaidi. Kwa hiyo begi lililokumbatiwa ni sufuria juu ya moto mdogo, na ile krimu iliyo pembeni ndiyo inayoyeyuka kwanza.

Basi kabla hujaanza, gawa krimu. Tia theluthi moja tu ya begi, kama gramu 150 hivi, na uwe na mabegi mawili, moja mkononi na moja kwenye friji. Ukimaliza rozeti nne au tano badilisha, usingoje ilegee ndio ushtuke. Sokota sehemu ya juu mpaka krimu ikaze, ule msokoto uushike kati ya kidole gumba na cha shahada, na kubana kutoke hapo juu. Mkono wa pili kazi yake ni kuongoza tu, vidole viwili vikigusa karibu na nozeli, si kukumbatia. Mimi nazungusha begi kwa kitambaa kikavu cha pamba, kile cha kupangusia vyombo kilicho safi, kinazuia joto na begi haliteleziki. Kunawa kwa maji baridi kunasaidia kwa dakika chache tu, na kausha sana, maji yakiingia kwenye krimu yanaiharibu.

Ikianza kulegea begini, lilaze kwenye sinia ndani ya friji dakika 10 au 15, ukilitoa lifinyange taratibu kupitia kitambaa, kwa sababu nje imeganda na katikati bado laini, na ukibana papo hapo inatoka vipande vipande.

Na mchanganyiko wenyewe, wakati wa joto nusu ya siagi nabadilisha na yale mafuta meupe ya mgando, yanavumilia joto zaidi. Ladha inapungua kidogo, ni kweli. Majarini ya kopo laini, ile ya kupaka mkate, iache, hiyo inalegea kabla yako.

Nozeli sasa, na hapa watu wengi wanachagua kwa macho, ipi nzuri kwenye picha. Mwenye mkono wa moto achague kwa kuuliza, hii itanikalisha na begi mkononi muda gani? Tundu dogo linahitaji kubanwa kwa nguvu na kwa muda, yaani joto zaidi. Tundu kubwa linatoa krimu upesi na mkono unapumzika. Kwa rozeti chukua nyota kubwa iliyo wazi, ile iliyoandikwa 1M, unaanza katikati, nozeli imesimama wima kama sentimita moja juu ya keki, unazunguka mara moja, unaacha kubana kabla hujaondoa. Nyota iliyofungwa, meno yamekunjwa ndani kama 2D, inatoa mikunjo mizuri sana, lakini mikunjo ile ni myembamba na krimu ikilegea kidogo tu inapotea, hiyo iweke mpaka msimu wa baridi au siku una kiyoyozi. Makombe mimi nayafanya na nozeli namba 21: begi limelala upande, unabana mpaka krimu ivimbe, unavuta kuja kwako huku ukipunguza mbano, unaacha, la pili linaanzia juu ya mkia wa la kwanza. Kombe linasamehe, likilegea kidogo bado ni kombe, rozeti haisamehi. Kwa hiyo anza na rozeti krimu ikiwa baridi, pindo liwe mwisho. Na kama imelegea sana kwa makombe, chukua nozeli ya tundu la mviringo upige vidonge tu vinavyogusana, hakuna atakayejua ulikusudia nini.

Kabla ya kugusa keki toa rozeti moja kwenye karatasi ya kuokea, kaa nayo dakika mbili. Mistari ikibaki na makali, enda. Ikianza kuwa mviringo, rudisha kwenye friji, usijidanganye.

Ukimaliza keki usiiache karibu na dirisha lenye jua, na kama inavuka Mokowe kwa boti iwe imekaa baridi kabla, iwe kwenye boksi lenye kimo, wala usimpe kijana aishike magotini, viganja vyake pia ni vya moto.