Somo: "Mhudumu" akikuomba maneno 12 ya waleti

Wiki hii maswali mengi yamekuwa ya aina moja, kwa hiyo nayajibu yote hapa. Muamala wa USDT, sarafu ya kidijitali yenye thamani ya dola, umekwama, mtu ameuliza kwenye grupu la Telegram, na kabla hajaweka simu chini ameshaingiliwa inboksi na "mhudumu" mwenye nembo ya waleti na lugha ya adabu sana. Humzungusha kidogo, kisha humwambia aandike maneno yake 12, yale ya siri ya kurejesha waleti, ili waleti "isawazishwe".

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa mitumba pale Kongowea. Ana USDT 150 kwenye mtandao wa Tron, na TRX 3, sarafu ya mtandao huo, za kulipia ada. Anamtumia muuzaji wake wa ng'ambo, muamala unafeli, na zile TRX 3 nazo zimeliwa. Hapo ndipo wengi hupaparika. Yeye afanye hivi.

Hatua ya 1: Usimjibu aliyekuja inboksi. Wahudumu wa kweli hawavizii watu kwenye magrupu. Jina na picha havithibitishi chochote, kwani nembo hunakiliwa na jina huandikwa na yeyote.

Hatua ya 2: Chukua namba ya muamala. Fungua historia kwenye waleti, bonyeza ule muamala uliofeli, unakili ile namba ndefu iliyoandikwa TXID au Hash. Namba hii si siri. Hata ukiibandika kwenye ukuta wa feri Likoni, hakuna anayeweza kukuibia kwayo.

Hatua ya 3: Soma mwenyewe kilichotokea. Andika tronscan.org, tovuti inayoonyesha miamala ya Tron, kwa mkono kwenye kivinjari, usifuate linki ya mtu, kisha ubandike ile namba. Mfanyabiashara wetu ataona maneno OUT OF ENERGY. Maana yake ada haikutosha. USDT zake 150 hazijaondoka, bado ziko kwenye anwani yake ileile inayoanza na herufi T.

Hatua ya 4: Rekebisha tatizo lenyewe. Anunue TRX za kutosha, aangalie ada ambayo waleti inaikadiria, atume tena. Basi. Hakuna "kusawazisha", hakuna "kuthibitisha waleti". Kazi hizo hazipo. Zimebuniwa ili upewe ukurasa wenye visanduku 12 vya kuandikia maneno yako.

Hatua ya 5: Ukihitaji msaada bado, pitia ndani ya apu. Ingia kwenye mipangilio, utafute sehemu ya msaada. Watakuuliza TXID, anwani yako, mtandao uliotumia na toleo la apu. Kwa hayo wanaona kila wanachohitaji kuona, maana salio na miamala yote iko wazi kwenye daftari la mtandao.

Sasa kwa nini hawahitaji maneno? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukielewa hili hutahitaji kukariri orodha ya matapeli.

Ulipofungua waleti, simu yako ndiyo iliyochagua yale maneno kwa bahati nasibu, kutoka orodha ya wazi ya maneno 2,048 inayofuata kiwango cha BIP39. Kutokana na maneno hayo simu hukokotoa funguo, na kutokana na funguo hupata anwani. Kampuni iliyotengeneza apu ya kweli haikuyapokea na haina pa kuyalinganisha. Kwa hiyo mtu akisema anataka "kuhakiki" maneno yako, muulize moyoni: atayahakiki na nini? Kazi ya funguo ni moja, kutia sahihi miamala. Anayepewa maneno amepewa uwezo wa kutuma pesa zako, na hakuna jingine analoweza kufanya nayo ambalo wewe huwezi kulifanya kwenye simu yako mwenyewe.

Maneno haya si kama PIN ya M-Pesa, ambayo ukiishuku unaibadilisha na laini ikabaki yako. Hayabadiliki. Waleti ile na maneno yale ni kitu kimoja maisha yote.

Pahali pa kweli pa kuyaandika ni pamoja tu, si zaidi: unaporejesha waleti mwenyewe, kwa mfano umenunua simu mpya, ndani ya apu uliyoipakua kutoka chanzo rasmi. Na kama unatumia kifaa cha Ledger cha kuhifadhia funguo, yanaingizwa kwenye kifaa chenyewe, si kwenye kompyuta wala ukurasa wowote.

Hatua ya 6: Kama umeshayatoa, usianze kugombana na tapeli. Fungua waleti mpya yenye maneno mapya, hamisha kilichobaki haraka, anza na chenye thamani kubwa. Waleti ya zamani usiipokelee pesa tena, na uwaarifu wanaokulipa kwamba anwani imebadilika.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Likoni: *Mimi nilishtuka katikati. Niliandika maneno 11, la 12 sikuandika. Niko salama?*

Hapana ndugu yangu, hama leo. Neno lililobaki ni moja kati ya 2,048, na sehemu ya neno la mwisho hutumika kukagua mengine, kwa hiyo yanayokubalika ni 128 tu. Kompyuta inayajaribu yote kabla hujameza mate. Tena usijipe moyo kwamba hukubonyeza kitufe, kurasa nyingine hutuma kila herufi unapoiandika.

Mwanachama, Bondeni: *Nimefuta apu na kubadilisha PIN. Haitoshi?*

Haitoshi. PIN hiyo inafunga apu kwenye simu yako tu. Mwenye maneno anafungua waleti yako kwenye simu yake na kuweka PIN yake.

Mwanachama, Nyali: *Aliyenipigia alijua jina langu, baruapepe na hata kifaa nilichonunua. Tapeli angejuaje?*

Kutokana na data zilizovuja. Mwaka 2020 taarifa za wateja wa Ledger ziliibwa, zikiwemo anwani za nyumbani za wengi, na baadaye wengine walipokea kwa posta hadi vifaa bandia. Maneno yao hayakuvuja, kwa sababu kampuni haikuwa nayo. Ndiyo maana ilibidi matapeli waje kuwaomba.

Mwanachama, Kisauni: *Pesa zangu ziko Binance, sijawahi kuona maneno 12. Nimekosea wapi?*

Hukukosea, dada. Kwenye akaunti ya kawaida ya soko la sarafu, funguo anazo soko. Wewe unaingia kwa nenosiri na kodi ya uthibitisho. Kwa hiyo "mhudumu" wa huko akikuomba maneno ya waleti yako nyingine, ameomba kitu kisichohusiana kabisa na akaunti yako. Ile kodi ya kuingilia nayo usimpe.

Mwanachama, Mtwapa: *Kinyume chake je? Kuna mtu ameandika maneno yake 12 hadharani, anaomba asaidiwe kutoa USDT. Nimeifungua waleti yake, pesa nimeziona, ila hakuna TRX ya ada.*

Usiweke hata TRX moja. Huo ni mtego. Tron inaruhusu ruhusa za akaunti zihamishiwe kwa ufunguo mwingine, kwa hiyo yale maneno yanakuonyesha salio lakini hayawezi kutuma. Au kuna programu inayochungulia anwani ile na kuzoa TRX pindi zinapoingia. Kama una hamu ya kuhakikisha, bandika anwani yake kwenye tronscan.org uangalie sehemu ya ruhusa. Utaona pia foleni ya watu waliotuma TRX ndogondogo, zote zikaondoka papo hapo.