Kiswahili 70, Hisabati 52: wapi kafanya vizuri zaidi? Alama Z hatua kwa hatua

Mzazi wa Ujiji akifungua ripoti akakuta Kiswahili 70 na Hisabati 52, hukumu hutoka hapo hapo: hesabu zinamshinda. Madaraja nayo yanamuunga mkono, kwa kuwa kwa viwango vya NECTA vya kidato cha nne, 70 ni B na 52 ni C. Kinachokosekana kwenye ripoti ni wenzake walipata nini. Alama Z inajaza pengo hilo kwa kupima umbali wa mwanafunzi kutoka kwenye wastani, kwa kipimo cha mtawanyiko wa mtihani wenyewe.

Nimetunga kikundi cha wanafunzi sita ili hesabu ionekane yote. Hisabati walipata 52, 44, 38, 28, 26 na 16. Wa kwenye ripoti ni huyo wa 52.

Hatua ya 1: wastani. Jumla ni 204. Gawa kwa 6, unapata 34.

Hatua ya 2: mkengeuko sanifu, ndicho kile kipimo cha mtawanyiko. Toa 34 kwenye kila alama: 18, 10, 4, -6, -8, -18. Zikijumlishwa lazima zilete sifuri. Zisipoleta, rudi nyuma, umekosea wastani au kutoa. Sasa zipige kipeo cha pili: 324, 100, 16, 36, 64, 324. Jumla 864, gawa kwa 6 upate 144, kisha tafuta kipeuo cha pili chake. Jibu ni 12. Wengi huishia kwenye 144 wakadhani wamemaliza, halafu Z zote zinatoka ndogo ajabu.

Hatua ya 3: alama Z.

```
z = (alama - wastani) / mkengeuko
Hisabati:  (52 - 34) / 12 = 1.5
Kiswahili: (70 - 68) / 4  = 0.5
```

Kiswahili walipata 73, 72, 70, 67, 63 na 63. Fuata njia ile ile utapata wastani 68 na mkengeuko 4. Darasa zima lilibanana pale juu, kwa hiyo 70 inazidi wastani kwa nusu ya mkengeuko tu. Kwenye Hisabati huyu huyu kaongoza, tena kwa mbali. Ukilinganisha na wenzake, matokeo yake mazuri zaidi ni ya Hisabati.

Kwenye Excel, alama zikiwa B2 hadi B7:

```
=(B2-AVERAGE(B$2:B$7))/STDEV.P(B$2:B$7)
```

Usisahau alama za dola. Bila hizo, ukiburuta fomula kwenda chini, safu nayo inateremka na kila mwanafunzi anapimwa na kundi lake. Ukimaliza, jumlisha Z zote: zikikataa kuwa sifuri, tatizo liko hapo.

Maswali ya wanachama

Mwalimu wa taaluma, Kasulu: Ambaye hakufanya mtihani tunamwandikia 0. Kuna shida?

Kubwa, mwalimu. Ongeza 0 moja kwenye zile sita: wastani unashuka hadi 29.14 na mkengeuko unapanda hadi 16.28. Aliyepata 52 anateremka kutoka 1.5 hadi 1.40. Aliyepata 28, ambaye Z yake ilikuwa -0.5, sasa ana -0.07, yaani anaonekana wa kawaida kabisa na hakuna atakayemwita kwenye masomo ya ziada. Na ile jumla ya Z haitakuonya, itabaki sifuri. Asiyefanya mwachie kisanduku kitupu, Excel itamruka kwenye wastani na mkengeuko, ila fomula ya Z usiiweke kwenye mstari wake, maana itamhesabu kama 0.

Mama, Gungu: Kwa hiyo mwanangu anajua hesabu kuliko Kiswahili?

Hapana, mama. Z inasema amewaacha wenzake wapi zaidi, basi. Darasa zima likiwa halijafundishwa logi, anayeongoza anaweza kupata 1.5 na logi haijui. Hiyo 52 bado ni C. Ukitaka kujua anachokosa, omba karatasi ya majibu.

Mwalimu wa mchepuo, Tabora: Shikamoo. Fizikia kwangu wanafanya sita, Kiswahili wanafanya shule nzima. Nilinganishe Z zao?

Marahaba. Hapo ningekataa. Kwanza, wanaochagua Fizikia mara nyingi ni wale wenye nguvu, kwa hiyo Z ya 0 kati yao inaweza kuwa kazi ngumu kuliko Z ya 1 kati ya shule nzima. Pili, idadi yenyewe inafunga mlango: kwa watu sita, kwa STDEV.P, Z haiwezi kuzidi kipeuo cha pili cha 5, kama 2.24, hata mmoja akipata 100 na wengine wote 10. Chukua wale sita tu, utafute wastani na mkengeuko wao kwenye Kiswahili pia, ndipo ulinganishe.